Usihesabu kore, uliza ni kore gani

Haya niliyazungumza Jumamosi iliyopita hapa Mbeya, mbele ya walimu, wapiga picha, wenye steshenari na wanafunzi. Wengi walikwamishwa na mvua, wakaniomba niwaandikie. Nimeyaacha kama yalivyosemwa, isipokuwa nimeondoa yale mahali nilipokuwa naonyesha kwa kidole.

Wazee wangu, mama zangu, walimu, na ninyi vijana wa studio mliojipanga nyuma karibu na soketi, asanteni kwa kuja. Ndugu zetu mliopanda basi kutoka Iringa, kamwene.

Nianze na swali. Kore ni kitengo cha kufanya kazi ndani ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Nani hapa ameshawahi kuingia dukani kutafuta laptopu, muuzaji akamwambia, "Hii ina kore nane, ile ina kore kumi, chukua ya kumi"? Nyosheni mikono. Naona karibu ukumbi mzima. Sasa swali la pili: nani aliuliza, "Kore kumi za namna gani?" Naona mikono miwili. Basi ninyi wawili mnaweza kwenda kunywa chai, nazungumza na hawa wengine.

Hapa mezani nimeweka laptopu mbili. Zote zina stika ya Core i5. Zote ni za kizazi cha 12 cha Intel, kile kilichoingia kwenye laptopu mwanzoni mwa mwaka 2022, na ndizo zinazofika kwa wingi sasa kama mitumba. Moja prosesa yake inaitwa i5-1235U. Nyingine inaitwa i5-1240P. Ya kwanza ina kore 10, ya pili ina kore 12. Ukihesabu hivyo utasema tofauti yao ni ndogo, kore mbili tu juu ya kumi.

Lakini hesabu hiyo inachanganya vitu viwili visivyolingana. Ndani ya prosesa hizi kuna kore za aina mbili. Kuna kore kubwa, ambazo Intel wanaziwekea herufi P, zilizotengenezwa kwa ajili ya kasi. Na kuna kore ndogo, zenye herufi E, zilizotengenezwa kwa ajili ya kubana umeme na nafasi. Kore ndogo nne zinakaa karibu katika eneo la kore kubwa moja. Sasa angalieni: 1235U ina kubwa mbili na ndogo nane. 1240P ina kubwa nne na ndogo nane. Ndogo zao ni sawa kabisa. Tofauti yote iko kwenye kubwa, na huko si mbili juu ya kumi. Ni mara mbili.

Je, inakuhusu nini wewe? Inategemea mzigo wako.

Mnaijua lumbesa. Ukipita Isyonje msimu wa viazi unaziona zimepangwa kando ya barabara, gunia limejazwa mpaka likashonewa kilemba. Najua lumbesa imekatazwa, na ni haki ikatazwe, inamwibia mkulima. Lakini kwa leo niazimieni hiyo moja. Una wapagazi wawili wenye miraba minne, na una watoto wanane wenye ndoo. Nikikwambia mpakie Fuso, utafanyaje? Kama viazi vimemwagwa chini, kila mtu anachota chake, na wale watoto wanane watakushangaza, watamaliza rundo kubwa. Lakini kama viazi vimo ndani ya lumbesa iliyoshonwa, watoto wanane watafanya nini? Watasimama watazame. Hilo ni la mpagazi mmoja, na lori litaondoka kwa kasi ya mpagazi huyo.

Kazi za kompyuta ziko hivyo hivyo. Kurenda video, yaani kuitoa video iliyokamilika baada ya kuihariri, ni viazi vilivyomwagwa: programu inaikata kazi vipande vingi na kila kore inachota. Lakini kufungua ukurasa mzito wa tovuti, kuendesha makro ya Excel, yaani hatua zilizoandikwa zijiendeshe zenyewe, kubofya menyu na kusubiri ifunguke, hizo kwa sehemu kubwa ni lumbesa iliyoshonwa. Zinabebwa na kore moja kwa wakati mmoja. Ndiyo maana mwalimu anayepanga matokeo kwa makro hataona tofauti kubwa kati ya laptopu hizi mbili, kwa sababu kore kubwa moja ya hii na moja ya ile ni za aina moja, na zote zina ukomo wa kasi wa gigahezi 4.4. Lakini kijana wa video ataiona, tena ataiona sana.

Na ndiyo maana pia kuna laptopu ina kore nane na bado inajikongoja. Core i3-N305 ina kore nane, ni kweli, lakini zote ni ndogo. Hakuna mpagazi hata mmoja. Core i3-1215U ina sita tu, kubwa mbili na ndogo nne, na kwa kazi za lumbesa inaipita ile ya nane. Nani angekwambia hivyo pale dukani?

Sasa mtu ataniuliza, kama kubwa ni nzuri hivyo, kwa nini wasiweke kubwa tupu? Swali zuri. Jibu liko kwenye betri na kwenye joto.

Mfikirieni mama lishe wawili. Wa kwanza anasubiri mteja aagize ndipo apike, na ana sufuria chache. Wa pili hataki mteja asubiri hata kidogo, kwa hiyo anabashiri: huyu huwa anakula wali maharage, anapakua kabla hajaketi. Akibashiri sawa, mteja anahudumiwa papo hapo. Akikosea, sahani inarudishwa na mkaa umeshaungua. Kore kubwa ni huyu wa pili. Ina majiko mengi, inatazama mbali mbele, inaanza kazi ambazo bado hazijathibitishwa kama zitahitajika. Kore ndogo nayo inabashiri, lakini kwa kiasi, na majiko yake ni machache. Kwa hiyo kwa kazi nyepesi kore ndogo inaifanya ileile kwa umeme kidogo.

Kuna jambo la pili, na hili ndilo linalouma zaidi. Umeme unaoliwa na kore unakwenda na kasi yake, halafu unazidishwa kwa volti mara volti. Na kore ikitaka kasi ya juu ni lazima ipandishiwe volti. Kwa hiyo ile kasi ya mwishomwisho, kutoka gigahezi tatu na nusu kwenda nne na kitu, unailipia ghali kuliko yote iliyotangulia. Hata kore ndogo ukiibana mpaka mwisho wa kasi yake, ubanaji wake unapungua sana. Shikeni hilo, tutalirudia kwenye betri.

Sasa niwape kisa. Kuna kijana wa studio, yuko humu ndani na amenipa ruhusa. Alipiga video ya send-off, mteja anaitaka jioni. Ana laptopu ya aina hii ya pili, 1240P. Akaanza kurenda, ikaenda vizuri. Halafu mteja mwingine akaja na picha za pasipoti. Akalishusha chini dirisha la video, akafungua programu ya picha. Umeme ukakatika, akaendelea na betri. Alipomaliza pasipoti akarudi kutazama, video imesogea kidogo tu. Akaja kwangu akisema prosesa imeungua.

Haikuungua. Nilimwambia aanze tena, alishushe lile dirisha kama alivyofanya, halafu tufungue Task Manager. Na hili mtalifanya wenyewe leo, kwa hiyo sikilizeni hatua. Mnabofya `Ctrl+Shift+Esc`, mnakwenda `Performance`, mnachagua `CPU`. Inaonekana grafu moja. Bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya grafu, chagua `Change graph to`, halafu `Logical processors`. Grafu moja inagawanyika kuwa visanduku vidogo vingi. Kwenye 1240P utaona 16. Kwa nini 16 wakati kore ni 12? Kwa sababu kila kore kubwa inashika kazi mbili kwa pamoja, hivyo inaonyeshwa kama visanduku viwili. Kubwa nne ni visanduku vinane vya mwanzo. Ndogo nane ni visanduku vinane vya mwisho.

Tulichoona ni hiki. Visanduku vinane vya mwisho vimejaa mpaka juu, bluu tupu. Vinane vya mwanzo vimelala chini, vinacheza kidogo kidogo tu. Yaani watoto wanane wanahangaika na viazi, na wapagazi wote wanne wamekaa kwenye kivuli! Kijana akashika kichwa.

Nani aliwaambia wapagazi wakae? Ni Windows. Windows 11 inatazama dirisha lililo mbele yako. Kilicho mbele inakiona cha haraka, inakipa kore kubwa. Ulichokishusha chini inakihesabu kuwa si cha haraka, inaweza kukisukuma kwenye kore ndogo, na ukiwa kwenye betri inakibana na kasi pia. Kwa kazi nyingi huo ni uamuzi sahihi. Programu ya kuhifadhi mafaili mtandaoni ina haraka gani? Lakini Windows haijui kwamba mteja wa send-off anakuja saa kumi na moja.

Tukalipandisha tena lile dirisha, tukaliacha lionekane, programu ya picha tukaiweka pembeni yake badala ya juu yake. Visanduku vya mwanzo vikaamka mbele ya macho yetu, kimoja baada ya kingine. Hiyo ndiyo dawa ya kwanza na haina gharama: kazi nzito ya haraka usiishushe chini, na kama kuna umeme chomeka chaja. Dawa ya pili ni kwa wale ambao lazima washushe. Unafungua `Terminal` kwa ruhusa ya msimamizi, unaandika amri hii, ukiweka njia halisi ya programu yako:

```
powercfg /powerthrottling disable /path "C:\njia\programu.exe"
```

Inaiambia Windows isiibane programu hiyo hata ikiwa nyuma. Usiipe kila programu, utakuwa umeharibu maana.

Na niseme ukweli mmoja hapa. Kijana huyu alikuwa anarenda kwa kutumia kore zenyewe. Kama programu yako inaruhusu kurenda kwa kutumia sehemu ya michoro ya prosesa, kazi kubwa inatoka kwenye kore kabisa na kisa hiki chote kinapungua uzito. Tazameni mipangilio yenu kwanza.

Jambo lingine linalohusiana na hili. Kuna mafundi wetu, na wengine ni rafiki zangu, wakipata laptopu ya kizazi cha 12 wanaifuta na kuweka Windows 10, wanasema ni nyepesi. Ndugu zangu, msikubali. Ndani ya prosesa hizi kuna kifaa kinaitwa Thread Director. Kazi yake ni kutazama kila kazi inayopita na kuiambia Windows, "hii ingefaidika na kore kubwa, hii hata ndogo inatosha." Windows 11 inasikiliza taarifa hizo. Windows 10 inajua kuna kore za aina mbili lakini taarifa hizo haizipati, kwa hiyo inagawa kazi kwa kubahatisha zaidi. Na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulishafungwa Oktoba 2025. Unabaki na nini sasa?

Tuingie kwenye betri.

Karani mmoja wa ushirika wa kahawa kule Mbozi alinijia na malalamiko. Aliambiwa laptopu yenye kore ndogo inakaa na chaji siku nzima. Yeye anaandika tu mizani ya wakulima kwenye Excel, na baada ya saa mbili na nusu imezima. "Hizo kore ndogo," akaniambia, "ni za uongo."

Tulianza na betri yenyewe, maana kabla hujalaumu injini tazama tenki. Unaandika `powercfg /batteryreport`, unapata ripoti. Mistari miwili ndiyo muhimu: `Design capacity`, yaani ilivyotoka kiwandani, na `Full charge capacity`, yaani inavyoshika leo. Yake ilitoka na wati-saa 54, sasa inashika 42. Kwa hiyo sehemu moja ya tatizo ni uzee, kore hazihusiki.

Sasa gawanya. Wati-saa 42 kwa saa mbili na nusu ni karibu wati 17 kwa wastani. Kwa mtu anayeandika Excel? Ni nyingi mno. Nilipofungua `Settings`, `System`, `Power & battery`, nikakuta `Power mode` imewekwa `Best performance`. Nani aliiweka? Yeye mwenyewe hakumbuki. Hapo kila akibofya, kore kubwa zilikuwa zinaruka kwenda kwenye ile kasi ya mwishomwisho tuliyosema ni ya ghali. Halafu nyuma kulikuwa na kivinjari chenye kurasa zinazojisasisha bila kukoma, na mwanga wa skrini umepandishwa mpaka mwisho. Feni inalia muda wote. Feni kulia wakati unaandika tu ni dalili, msiipuuze.

Tukaweka `Best power efficiency`. Hapo Windows inaelekea kuzipeleka kazi nyepesi kwenye kore ndogo na kuzizuia kubwa zisikimbilie kileleni. Tukapunguza mwanga. Kile kivinjari, kwenye orodha ya Task Manager, tukakipanua, michakato iliyo ndani yake tukaibofya mmojammoja kwa kulia na kuchagua `Efficiency mode`, ikapata alama ya jani la kijani. Matumizi yakashuka mpaka karibu wati 8. Gawanya tena: 42 kwa 8 ni saa tano na robo. Betri ileile ya uzee, kore zilezile.

Lakini sitaki mtoke hapa mkidhani kore ndogo peke yake ndizo mkombozi wa betri. Hapana. Kwenye kizazi hiki cha 12, kusema kweli, kore ndogo zilisaidia zaidi kubeba kazi nyingi kwa pamoja kuliko kutunza chaji. Zimekaa nyumba moja na kubwa, zinatumia njia moja ya kupitishia data, kwa hiyo hata ndogo moja ikifanya kazi peke yake taa za nyumba nzima hazizimiki. Intel waliliona hilo. Desemba 2023 walipotoa Core Ultra za kwanza, waliweka kore ndogo mbili za ziada kwenye kipande cha pembeni cha prosesa, ili ukiwa unatazama video tu kile kipande chenye kore nyingine zote kizimwe. Apple kwa upande wao, kwenye kompyuta zao za Mac, walianza na M1, Novemba 2020, kubwa nne na ndogo nne, na mfumo wao tangu siku ya kwanza unazipa ndogo kazi za nyuma. Kwa hiyo mtu akikwambia "ina kore ndogo, inatunza chaji," muulize za mwaka gani.

Na wanaofungua vitu vingi kwa pamoja, nawaomba mtazame kitu kimoja kabla ya kulaumu kore. Palepale kwenye Task Manager, bofya `Memory`. Kama RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ni gigabaiti 8 na imefika asilimia 90, kompyuta inahamisha vitu kwenda diski na kurudisha. Visanduku vya kore vitakuwa vimelala na bado itagoma. Hapo ni RAM unayohitaji.

Mama yangu pale mbele, wewe wa steshenari ya Uyole, umeinua mkono tangu nianze. Unauliza kati ya hizi mbili za mezani uchukue ipi. Unachapa barua, unaskani, unafungua tovuti za maombi ya vyuo, na umeme wa kwenu unakatika mara kwa mara. Kazi zako karibu zote ni lumbesa iliyoshonwa, moja baada ya nyingine. Kubwa mbili zinakutosha. Hii ya 1235U msingi wake ni wati 15, ile ya 1240P ni wati 28, na wewe huna video ya kurenda ya kukulipa hizo wati za ziada. Chukua 1235U. Lakini kabla hujatoa pesa, mwambie muuzaji afungue mfuniko wa chini mbele yako. Ukiona kuna nafasi ya kuchomeka RAM nyingine, lipa. Ukiona RAM imechomelewa kwenye bodi na ni gigabaiti 8, iache hapohapo mezani kwake, tafuta nyingine.